Utambuzi wa mvua kwa satelaiti na rada

Utambuzi wa mvua kwa satelaiti na rada ni njia ya kukadiria mahali mvua inaponyesha, na kiasi chake, hata pasipo na kipima mvua. Satelaiti hutazama mawingu kutoka juu, na rada huyatazama kutoka upande. Hata hivyo, hakuna kati ya vyombo hivi viwili kinachopima maji yanayofika ardhini. Satelaiti hupima hasa joto la kilele cha wingu, na rada hupima nguvu ya mwangwi unaorudishwa na matone yaliyo hewani. Kiasi cha mvua hukokotolewa kutokana na vipimo hivyo, na makosa mengi huingia katika hatua hiyo.

Mji wa Kahama, katika mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania, unaonyesha vizuri uwezo na mipaka ya njia hizi. Uko takriban km 150 kusini kwa rada ya Mwanza, inayoendeshwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Dhoruba za huko zinaweza kuua: usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua kubwa iliyoambatana na mvua ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata wilayani Kahama. Nyumba nyingi zilibomoka na watu wasiopungua 38 walifariki. Katika machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, mvua kubwa inaweza pia kujaza maji mashimo ya wachimbaji wadogo.

## Satelaiti

Satelaiti za Meteosat za Ulaya huzunguka juu ya ikweta kwenye kimo cha takriban km 36,000. Kwenye kimo hicho huzunguka kwa kasi ileile ya dunia, hivyo kila moja hubaki juu ya mahali palepale. Ile iliyo juu ya Ghuba ya Guinea, kwenye longitudo 0°, huiona Afrika yote. Kizazi cha pili cha Meteosat hupiga picha kila baada ya dakika 15.

Usiku hakuna mwanga wa jua, kwa hiyo satelaiti hutegemea mionzi ya infraredi inayotolewa na mawingu yenyewe. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita ya kupanda. Kilele chenye nyuzi -70 basi kiko juu sana, na mara nyingi ni cha wingu la ngurumo. Chenye nyuzi 5 kiko chini.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila wingu baridi linanyesha. Wingu la ngurumo linapofikia kilele chake hutandaza barafu nyembamba pande zote, na utando huo unaweza kubaki kwa saa kadhaa baada ya mvua kwisha. Picha ya infraredi huuonyesha ukiwa baridi kama dhoruba yenyewe. Kinyume chake, wingu fupi lisilo na barafu linaweza kunyesha ilhali kilele chake kina joto, na satelaiti ikalipuuza.

Kosa la pili ni la mahali. Satelaiti iliyo kwenye longitudo 0° huiona Kahama kwa kuinama, nyuzi 38 hivi kutoka wima. Kilele kilicho km 14 juu ya ardhi huonekana kimesogea takriban km 11 kuelekea mashariki. Asiyesahihisha picha atadhani dhoruba iliyo juu ya mji iko njiani kuelekea Shinyanga.

## Rada

Rada hutuma mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha husikiliza mwangwi. Muda wa kwenda na kurudi hutoa umbali: mwangwi wa km 150 hurudi baada ya elfu moja ya sekunde. Antena huzunguka na kuinuliwa hatua kwa hatua ili kuchunguza anga lote.

Nguvu ya mwangwi hutegemea kipenyo cha tone kikizidishwa chenyewe mara sita. Tone la mm 2 hurudisha mwangwi sawa na matone 64 ya mm 1, ingawa lina maji ya matone manane tu. Kwa sababu hiyo mwangwi mmoja unaweza kutoka kwa matone machache makubwa au kwa madogo mengi, na viwango vya maji vikatofautiana sana.

Ili kupata kiasi cha mvua hutumiwa fomula inayounganisha mwangwi (Z) na milimita za mvua kwa saa (R). Fomula inayojulikana sana ni Z = 200R^1.6. Kwa mvua za tropiki hutumiwa pia Z = 250R^1.2. Mwangwi wa dBZ 40, yaani Z = 10,000, hutoa mm 11.5 kwa saa kwa fomula ya kwanza, lakini mm 21.6 kwa ya pili. Rada haijakosea, ni mtumiaji aliyechagua aina ya matone.

Mvua ya mawe huzidisha tatizo. Mawe makubwa yanaweza kutoa mwangwi wa dBZ 55, ambao fomula ya kwanza huusoma kama mvua ya mm 100 kwa saa. Rada nyingi za kisasa hutuma mawimbi ya mlalo na ya wima pamoja. Matone makubwa ya mvua hubonyea yanapoanguka, hivyo mwangwi wa mlalo huwa na nguvu zaidi. Mawe hubiringika, na miangwi miwili hukaribia kulingana. Mwangwi mkali usio na tofauti hiyo ni dalili ya mawe.

## Mwali wa Mwanza juu ya Kahama

Rada inapoinuliwa nusu nyuzi tu, mwali wake hupanda kadiri unavyoenda mbali, na ardhi nayo hupinda chini yake. Kwa umbali wa km 150, kiini cha mwali kiko takriban km 2.6 juu ya ardhi. Mwali wenye upana wa nyuzi moja umekwisha kutanuka kufikia km 2.6, kwa hiyo hugusa anga kati ya km 1.3 na km 3.9.

Mvua inayotokea chini ya km 1.3 haionekani kabisa. Ile inayoonekana ina safari ya kama dakika saba hadi ardhini. Upepo wa mita 10 kwa sekunde huisogeza km 4, na hewa kavu inaweza kuikausha kabla haijafika: rada inaonyesha mvua, mkulima anaona vumbi. Sehemu ya juu ya mwali hufikia tabaka ambamo barafu huyeyuka. Vipande vya barafu vilivyolowa hurudisha mwangwi mkubwa, na mvua ya wastani huonekana kuwa kubwa.

## Kugundua makosa

Kipimo cha kulinganishia ni kipima mvua cha ardhini. Hata hivyo mdomo wake una ukubwa wa sahani, ilhali rada hutoa wastani wa eneo la kilomita kadhaa za mraba. Tofauti ya siku moja kwa hiyo haithibitishi kosa. Ikiwa kwa wiki nyingi rada huonyesha pungufu kadiri umbali unavyoongezeka, sababu inaweza kuwa kimo cha mwali. Ikionyesha ziada katika duara linalozunguka rada, tabaka la kuyeyuka ndilo la kushukiwa kwanza.

Satelaiti na rada pia hukaguana. Kilele baridi kisicho na mwangwi wowote huenda ni utando wa barafu, na mwangwi chini ya wingu la joto huenda ni mvua ambayo satelaiti haikuiona.

## Tazama pia

* Kahama
* Mvua ya mawe
* Rada
* Satelaiti