Tafsiri Rejeshi na Safari ya Neno "Fidia"

Katika ofisi za mawakala wa forodha zilizo karibu na Bandari ya Dar es Salaam, neno lisemwalo kila siku ni kugomboa. Mwenye shehena hulipa ushuru na tozo, ndipo mali yake huachiliwa. Neno hilo ni pacha wa kukomboa, ambalo katika kamusi kongwe ni kukitoa kwa malipo kitu kilichowekwa rehani, au mtu aliyetekwa. Maana hiyo ya kulipa ili kinachoshikiliwa kiachiliwe ndiyo iliyomo katika aya ya Marko 10:45, ambapo Kigiriki kina neno lutron, yaani bei ya kumtoa mtumwa au mateka. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imetumia hapo neno fidia. Tutaitumia aya hiyo kueleza kazi ya tafsiri rejeshi.

Katika utaratibu huo, rasimu hupewa mtu ambaye hakushiriki kuiandaa wala hana matini asilia mbele yake. Yeye huirudisha katika lugha anayoielewa mkaguzi, na mkaguzi huyalinganisha marejesho hayo na matini asilia. Utaratibu ulienea kwa sababu ya haja. Baada ya Vyama vya Biblia kuungana mwaka 1946, mabingwa wa Kiebrania na Kigiriki walitakiwa kukagua rasimu za lugha wasizozijua kabisa. Hapa Tanzania Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha ya marejesho, kwa mfano katika kukagua rasimu za lugha za jamii za Mbeya.

Sasa tuseme rasimu mpya ya Kiswahili imebakiza neno fidia katika aya ile, na inarejeshwa kwa Kiingereza na watu watatu wa mjini. Karani aliyezoea nyaraka za serikali ataandika malipo apewayo mtu aliyepata hasara, kwa maana ndivyo asemavyo kila siku kuhusu ardhi iliyotwaliwa, na ndivyo lisemavyo jina la Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mwislamu wa Kariakoo aweza kufikiria chakula apewacho maskini badala ya saumu iliyomshinda mgonjwa au mzee. Mkristo aliyekulia katika shule ya Jumapili ataandika mara moja bei ya ukombozi.

Hao watatu wamesoma neno moja. Marejesho ya karani ndiyo yenye kumshtua mkaguzi, nayo ni haki yamshtue: fidia ya sheria hulipwa kwa aliyedhurika, na mara nyingi mlipaji ndiye mwenye lawama. Hapo mkombozi amegeuka mdaiwa, na wengi waliokuwa mateka wamegeuka wadai. Rasimu haikubadilika hata herufi moja; ni matumizi ya neno yaliyosogea.

Jibu la tatu ndilo la hatari zaidi, ingawa ndilo sahihi. Aliyekwisha kuikariri aya hairejeshi rasimu, bali hurejesha kumbukumbu yake, na kasoro hupita bila kuonekana. Kwa hiyo mrejeshaji asiyeijua aya ni bora kuliko msomi wa kanisa. Vilevile mrejeshaji hodari wa Kiingereza hupenda kunyoosha sentensi iliyopinda. Aelezwe mapema kwamba upindo huo ndio unaotafutwa.

Mtu atasema: basi tuandike kukomboa. Lakini neno hilo nalo limesafiri. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1994, na kwa wakazi wengi wa mji huu ukombozi ukawa ni wa nchi, upatikanao kwa kupigana. Likirejeshwa, wazo la kuachiliwa litarudi salama, ila bei huenda isionekane. Kwa maoni yetu, kitenzi hicho kingefaa endapo sentensi itataja waziwazi kwamba uhai umetolewa kuwa malipo ya kuwatoa watu kifungoni. Sentensi itarefuka, na wapenzi wa ufupi watanung'unika.

Kuna na mambo ambayo tafsiri rejeshi haiwezi kuyakamata hata ikifanywa kwa uangalifu. Wakristo walio wengi husema Roho Mtakatifu, kwa upatanisho wa nafsi; Mashahidi wa Yehova huandika roho takatifu, kwa upatanisho wa kitu. Mafundisho mawili yamebebwa na kiambishi kimoja. Mrejeshaji akiweka maneno ya Kiingereza tu, yote mawili yatarudi kwa maneno yale yale, nacho Kiingereza hakina ngeli ya kuyatenganisha. Mkaguzi asiyejua Kiswahili atatia sahihi pasipo kuuliza, isipokuwa mrejeshaji awe ameandika pembeni kwamba hapa pana -m-, na hapa haipo.