Mchoro wa Utepe katika Hesabu za Sehemu

Mchoro wa utepe ni mstatili mrefu uliogawanywa vyumba vilivyo sawa, utumikao katika hisabati za shule ya msingi kutafutia sehemu ya idadi ijulikanayo. Asili ya sehemu, yaani tarakimu ya chini, huonyesha utepe ugawanywe vyumba vingapi, na kiasi, yaani tarakimu ya juu, huonyesha vyumba vingapi vitiwe kivuli.

Ikiwa mkulima wa Shinyanga amevuna magunia 45 ya mpunga, naye ameazimia kuuza humusi tatu, yaani 3/5, mwanafunzi huchora utepe wa vyumba vitano, huandika 45 juu ya utepe wote, hugawanya 45 kwa 5 ili kila chumba kipate magunia 9, kisha hutia kivuli vyumba vitatu, akapata 9 × 3 = 27; vyumba viwili visivyo na kivuli ni magunia 18, na jumla ya 27 na 18, ambayo ni 45, ndiyo ithibati ya jawabu.

Kosa la mara kwa mara ni kugawanya kwa kiasi na kuzidisha kwa asili, ambako huleta 75. Na kwa kuwa vyumba vitatu haviwezi kuupita utepe wenyewe, mchoro hulifichua kosa hilo papo hapo. Idadi isiyogawanyika kwa 5, kama viroba 47 vya mawe ya dhahabu machimboni Geita, hukipa kila chumba 9.4, jawabu lifaalo kwa uzani, si kwa viroba vizima.