Unaingiza neno la siri, inakurudisha mlangoni: angalia kwanza saa ya mashini

Kuna shida inayokula mega za watu katika siberkafe na sekretaria za Bukavu, Goma ao Bunia. Mtu anaandika adresi na neno la siri, anabonyeza, ukurasa unazunguka kidogo, kisha unamrudisha palepale alipoanza. Ingine ni ile kapcha ya kuchagua picha za pikipiki na taa za barabarani: unachagua, inakubali, inaleta zingine tena. Wengi wanafikiri neno la siri ni baya. Wanalijaribu mara kumi mpaka konti inafungwa. Lakini neno likiwa baya, mara nyingi ukurasa unasema wazi. Ukikurudisha bila kusema kitu, mara nyingi tatizo liko kwa navigateri ao kwa mashini.

Tovuti ikisha kukutambua, inaipa navigateri (Chrome, Firefox ao ingine) alama ndogo inayoitwa kuki, sawa vile jeto ya hospitali. Kila ukurasa unaofungua, navigateri inaonyesha jeto ile. Ikiwa haikuhifadhiwa, ao ikisomwa kuwa imepita wakati, tovuti haikujui tena.

Hapo ndipo saa inaingia. Tuseme mwanafunzi wa Bukavu anatuma fomu ya bursi inayofungwa leo jioni. Ordinatere ya sekretaria inaonyesha 10h00, na saa ya mkononi ni 10h00. Kila kitu kinaonekana sawa. Lakini mashini imewekwa kwa saa ya Kinshasa, UTC+01:00, na mtu aliona iko nyuma, akaisogeza mbele kwa mkono. Mashariki mwa Congo tuko UTC+02:00. Kwa saa ya dunia, UTC, sasa ni 8h00, lakini mashini inahesabu 9h00. Tovuti ikitoa ruhusa ya dakika 30, yaani mpaka 8h30, ukurasa unaosoma saa ya mashini unaiona imekufa zamani, na unamrudisha kijana mlangoni. Si tovuti zote zinahesabu hivyo, njo maana barua-pepe inaweza kufunguka vizuri na fomu ya bursi ikakataa. Kapcha zingine zinasema wazi kwa Kiingereza kwamba saa ya mashini si sawa.

Dawa si kusogeza saa. Chagua kwanza UTC+02:00, kwenye Windows ile yenye majina `Harare, Pretoria`, kisha acha mashini ichukue saa yenyewe kwa mtandao.

Kwa ordinatere za zamani kuna kosa kubwa zaidi: kuranti ikikatika, mashini inarudi miaka mingi nyuma. Hapo karibu kila tovuti salama inakataa, na Chrome inaandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Ni batri ndogo ya ndani iliyokufa, mviringo kama sarafu, yenye maandishi CR2032. Inabadilishwa mashini ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kisha weka tarehe kwa mkono mbele ya kuomba saa ya mtandao, maana Windows ikiona tofauti kubwa sana inaweza kukataa kujirekebisha.

Saa ikiwa sawa na shida inaendelea, fungua dirisha la `Navigation privée`: Ctrl+Maj+N kwa Chrome, Ctrl+Maj+P kwa Firefox. Dirisha hili linaanza bila kuki za zamani, na kwa kawaida ekstensio hazifanyi kazi ndani yake. Ukiingia vizuri, tuma fomu yako palepale, mengine yatangoje. Kisha rudi kwa dirisha la kawaida, futa kuki za tovuti ile peke yake. Ikiwa bado inazunguka, zima ekstensio moja moja, ukianza na zile za kuzuia matangazo, maana zinaweza kuzuia kipande ambacho kapcha inahitaji.

Usikubali mtu afute kuki zote «ili kusafisha». Utatolewa katika kila konti uliyofungua hapo, na kama kodi ya kuingia inatumwa kwa namba ya simu uliyopoteza, kurudi kutakuwa vita.

Kapcha ikizunguka kwa ordinatere na kwa simu pia, zote zikiwa kwa waifai ileile, acha kutafuta kosa ndani ya mashini. Watu wengi wanatoka kwa adresi moja ya mtandao, ao kuko VPN inayofanya kazi, na tovuti inashuku adresi ile. Zima VPN, toka kwa waifai, jaribu kwa mega za simu.