Deni Lipi Lilipwe Kwanza? Riba Inayookolewa na Bei ya Kufunga Akaunti Ndogo

Mjadala kuhusu mpangilio wa kulipa madeni huendeshwa kana kwamba ni mvutano kati ya hesabu na hulka. Upande mmoja unashikilia kwamba mdaiwa aanze na deni lenye riba kubwa, kwa kuwa ndilo linalomla zaidi. Upande wa pili, ambao umepata umaarufu mkubwa Marekani kupitia mshauri wa fedha Dave Ramsey, unamtaka aanze na deni dogo kuliko yote, ili alione limeisha na apate nguvu ya kuendelea. Mjadala ukibaki hapo, kila mtu huchagua kwa tabia yake na hakuna cha kuthibitisha. Hoja ya makala haya ni kwamba nguvu hiyo inayotokana na kufunga deni dogo ina bei, na bei hiyo inaweza kujulikana kabla ya malipo ya kwanza kutoka, mradi mtu aweke mezani masalio yake halisi na ajue ni riba gani hasa atakayoiokoa akilipa mapema.

Tuchukue mfano wa mwajiriwa nchini Kenya mwenye madeni matatu, ya namna inayopatikana kwa urahisi katika hati za mishahara. Ana kadi ya mkopo yenye salio la shilingi 120,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na amejipangia kuilipa angalau 6,000 kila mwezi. Ana mkopo wa Sacco uliobaki 60,000, unaotozwa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, na makato yake ni 4,000. Tena ana friji aliyoichukua kwa awamu: bei yake taslimu ilikuwa 40,000, akaandikiana na muuzaji kulipa 2,000 kwa miezi 24, na sasa zimebaki awamu 12, yaani 24,000. Malipo ya lazima yanafika 12,000. Baada ya kubana matumizi ana 18,000 za madeni kila mwezi, kwa hiyo kuna ziada ya 6,000, na swali zima linahusu ziada hiyo. Deni moja likiisha, fedha zake zinahamia kwa linalofuata, na kadi haitumiki tena kwa manunuzi. Sharti hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwani mtu anayenunua vitu vya 6,000 kwa mwezi kwa kadi ileile ameifuta ziada yake yote, na hakuna mpangilio wa malipo utakaomsaidia.

Kabla ya kuyapanga madeni haya kwa riba, lazima tuulize riba ni nini kwa mtu anayetaka kulipa mapema. Friji ya 40,000 iliyouzwa kwa 48,000 kwa miezi 24 ina gharama ya karibu asilimia 1.5 kwa mwezi ukiikokotoa kwenye salio linalopungua. Kwa kipimo hicho, friji ni ghali kuliko Sacco na ingestahili kulipwa kabla yake. Lakini zile 8,000 za nyongeza zimo tayari ndani ya awamu. Mnunuzi akimaliza leo au akimaliza baada ya mwaka, atalipa 24,000 zilezile, isipokuwa muuzaji akubali kumpunguzia. Riba anayoweza kuiokoa kwenye friji ni sifuri, hata kama mkataba ulikuwa ghali siku ulipotiwa saini. Njia ya kulijua hili ni rahisi: mdaiwa amuulize mkopeshaji anatakiwa kutoa kiasi gani ili afunge deni leo, kisha akilinganishe kiasi hicho na jumla ya awamu zilizobaki. Vikilingana, kulipa mapema hakuokoi chochote. Mikopo mingi ambayo riba yake hukokotolewa tangu mwanzo juu ya kiasi chote kilichokopwa ina tabia hii, na orodha ya riba iliyonakiliwa kutoka kwenye mikataba inaweza kumpeleka mtu kwenye deni lisilo na faida yoyote kulipwa haraka.

Sasa hesabu yenyewe. Riba ikiongezwa mwisho wa mwezi na malipo yakitolewa hapohapo, anayeanza na kadi huipelekea 12,000 kila mwezi, huku Sacco na friji zikienda kwa makato yake ya kawaida. Friji inaisha mwezi wa 12, kadi na Sacco zinaisha pamoja mwezi wa 13, na riba yote aliyolipa kwenye kadi na Sacco ni karibu 29,860. Anayeanza na deni dogo humaliza friji mwezi wa 3, Sacco mwezi wa 8, kadi mwezi wa 14, na riba yake inafika 38,650. Tofauti ni takriban 8,790 na mwezi mmoja zaidi wa kulipa. Si mzaha kwa mtu wa kipato cha kati, lakini pia si maangamizi, na watetezi wa pande zote mbili wangefaidika kuitazama tarakimu hii kabla ya kunyosheana vidole.

Tofauti hiyo inagawanyika, na hapa ndipo penye jambo la maana zaidi. Kuna njia ya tatu: kumaliza friji kwanza, kisha kuhamia kwenye kadi na kuiacha Sacco iende polepole. Njia hii inagharimu riba ya 33,890. Kwa maneno mengine, kufunga friji miezi tisa mapema kunauzwa kwa takriban 4,030, na kuitanguliza Sacco mbele ya kadi kunauzwa kwa 4,760 nyingine. Bei ya kwanza inaweza kukadiriwa hata kwa kalamu. Kwa miezi mitatu, 6,000 zinanyimwa kadi, hivyo upungufu unafika 18,000. Baadaye zile 2,000 za friji zinaanza kurudi kwa kadi kila mwezi na upungufu unashuka hadi sifuri mwezi wa 12. Ukijumlisha upungufu wa kila mwezi unapata 108,000, na asilimia 3 yake ni 3,240. Kinachobaki kufikia 4,030 ni riba juu ya riba. Makadirio haya yanaonyesha pia ni lini mjadala wote hauna uzito: kama kadi ingetoza asilimia 1.5 kwa mwezi badala ya 3, bei ya kufunga friji mapema ingeshuka hadi kwenye 1,800 hivi. Kinachoamua ni pengo la riba kati ya deni lililotangulizwa na lile lililocheleweshwa, kiasi kilichoelekezwa kwingine, na muda kilichokaa huko.

Pingamizi zito la kwanza linatoka kwenye utafiti wa tabia. Mwaka 2012 David Gal na Blakeley McShane walichapisha uchambuzi wa wateja wa kampuni ya Marekani ya kusuluhisha madeni, wakaona kwamba sehemu ya akaunti ambazo mteja amekwisha kuzifunga ilibashiri kama angemaliza madeni yake yote, hata baada ya kuzingatia kiasi cha fedha kilichohusika. Matokeo hayo hayapuuziki, na mfano wetu unayapa nguvu: anayeanza na kadi hukaa miezi 11 bila kuona deni hata moja likiisha. Hata hivyo, wateja wale walikuwa watu walioelemewa, wanaotafuta suluhu na wadai wao, na uhusiano kati ya kufunga akaunti na kumaliza madeni hauthibitishi kwamba la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Isitoshe, tuchukulie kwamba anayeanza na kadi na anayeanza na deni dogo wote wawili wamekata tamaa mwishoni mwa mwezi wa 6. Aliyeanza na kadi anadaiwa jumla ya karibu 116,750; aliyeanza na dogo anadaiwa 119,320. Riba ya mwezi unaofuata kwa wa kwanza ni 2,360, kwa wa pili ni 3,280. Kwa hiyo kuanza na deni dogo hakumkingi mtu na madhara ya kukata tamaa. Kunamfaa tu ikiwa kutamzuia asikate tamaa, na kama friji peke yake inatosha kumpa moyo huo, hana sababu ya kulipa 4,760 za ziada ili Sacco nayo itangulie.

Pingamizi la pili naliona zito kuliko la kwanza, ingawa husikika mara chache. Deni lililofungwa huondoa wajibu wa kila mwezi. Baada ya friji kuisha, malipo ya lazima yanashuka kutoka 12,000 hadi 10,000, na Sacco ikiisha yanabaki 6,000 tu. Mshahara ukichelewa mwezi wa 9, aliyeanza na deni dogo anatakiwa kupata 6,000, ilhali mwenzake anahitaji 12,000 au ahatarishe friji yake na, kwa upande wa Sacco, akiba za wadhamini wake. Wadhamini hao mara nyingi ni wafanyakazi wenzake, na hasara yao haimo katika jedwali lolote la riba. Jibu la kwamba aliyelipa kadi anaweza kuikopa tena lina ukweli, kwa kuwa mwezi huo salio lake ni karibu 34,660 dhidi ya 74,370 la mwenzake; lakini kikomo cha kadi ni mali ya benki, nayo inaweza kukipunguza wakati uleule mteja anapokihitaji.

Yapo pia madeni ambayo hayaingii katika mpangilio wowote kati ya hii miwili. Mkopo wa M-Shwari hutozwa ada ya asilimia 7.5 mara moja. Kuulipa siku ya tano hakupunguzi ada hiyo, lakini ukivuka siku 30 hutozwa nyingine. Huo ni wa kulipwa kwa tarehe yake, si kwa ukubwa wala kwa riba. Mkopo wa elimu wa HELB una riba ya asilimia 4 tu kwa mwaka na utakuwa mwisho katika orodha ya ziada, ila anayeacha kulipa awamu zake hupigwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Malipo ya lazima ya kila deni hutangulia, na ziada ndiyo inayopangwa.

Kwa mwajiriwa wa mfano wetu, basi, uamuzi unategemea jambo moja ambalo masalio yenyewe hayalionyeshi: kama ana akiba ya dharura. Mwenye 30,000 pembeni anaweza kumudu miezi miwili ya malipo ya lazima hata mshahara ukikatizwa, na kwake kadi itangulie, kwa sababu zile 4,030 zingemnunulia nafuu ambayo tayari anayo. Asiye na akiba yoyote anaweza kumaliza friji kwanza na kuihesabu gharama hiyo kama bima dhidi ya mwezi mbaya. Lakini mwezi wa nne ukifika, ziada yake iende kwenye kadi, na Sacco ibaki na makato yake ya 4,000.