Jeni za kipindupindu na njia zake tatu, kutoka Dar es Salaam hadi Lualaba

Kindu ni mahali ambapo reli inaukabidhi mto mzigo wake. Treni zinazotoka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, hupita Kabalo na Kongolo, zikaishia kwenye kingo za Lualaba, na kutoka hapo watu na bidhaa huteremka kwa maji kuelekea Ubundu. Kabla ya reli palikuwa na njia za misafara. Kipindupindu kilipoiangamiza Unguja mwaka 1869 na 1870, habari zake zilipanda bara pamoja na wafanyabiashara wa pembe, zikamkuta David Livingstone akiwa Bambarre, yaani Kabambare ya leo hapa Maniema. Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja wakati ule, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima cha kuonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyofuata njia za biashara za Afrika Mashariki.

Christie alifuata watu. Leo tunaweza kufuata kitu kidogo zaidi, yaani jeni zinazosafiri ndani ya bakteria mwenyewe, Vibrio cholerae, na mara nyingine zinahama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine bila kumsubiri mgonjwa apande treni. Bakteria wana njia tatu kuu za kupeana jeni, na kimelea cha kipindupindu ni miongoni mwa vimelea vichache ambavyo historia yake inazionyesha zote tatu waziwazi. Sumu yake ilikuja kwa njia moja, vazi lake linaweza kubadilishwa kwa njia nyingine, na uwezo wake wa kuzishinda dawa umepita zaidi kwenye njia ya tatu. Kwa wakazi wa ukanda huu, hiyo ya tatu ndiyo yenye kisa kirefu.

Oktoba 1977 Tanzania iliingia katika mlipuko wake wa nne wa kipindupindu. Serikali ilitumia tetrasaiklini kwa kiwango kikubwa, si kwa wagonjwa tu bali hata kwa watu wazima wa afya waliokaa karibu nao, kama kinga. Profesa Fred Mhalu na wenzake waliandika mwaka 1979 katika jarida la Lancet kwamba katika mwezi wa kwanza vimelea vyote walivyovipima viliuawa na dawa hiyo. Baada ya miezi mitano, na kilo 1,788 za tetrasaiklini, asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu. Ukizigeuza kilo hizo kuwa vidonge vya miligramu 250, unapata zaidi ya vidonge milioni 7.

Kasi hiyo ndiyo inayotuambia kitu. Kama usugu ungekuja kwa mabadiliko madogo ya bahati ndani ya jeni za bakteria mwenyewe, tungetarajia dawa moja ianze kushindwa, kisha baadaye sana nyingine. Hapa vimelea vilizishinda dawa kadhaa kwa pamoja, kana kwamba vimepewa fungu lililokwisha kufungwa. Mwaka 1980, katika Bulletin ya Shirika la Afya Duniani, Towner, Pearson, Mhalu na O'Grady walieleza fungu hilo: plasmidi ya kundi C. Plasmidi ni duara la DNA linaloishi ndani ya bakteria nje ya kromosomu yake. Plasmidi za kundi hili ni kubwa, nyingi zikiwa na herufi za DNA zaidi ya 100,000, na zinabeba pamoja jeni za usugu na vifaa vyote vya kujihamisha.

Kuhama kwake ndiko kunakoitwa konjugesheni. Bakteria mwenye plasmidi hutoa uzi mwembamba unaomshika jirani na kumvuta. Miili ikishagusana, kimeng'enya hukata utepe mmoja kati ya miwili ya plasmidi, mahali maalumu pasipobadilika, na utepe huo husukumwa ndani ya jirani ukianza na ncha iliyokatwa. Kila upande hutengeneza utepe unaokosekana. Mwishoni aliyetoa bado anayo plasmidi yake, na aliyepokea anayo pia, tena ameshakuwa na uwezo wa kuitoa kwa mwingine. Wapokeaji si lazima wawe ndugu: bakteria wa kawaida wa utumbo anaweza kumpa kimelea cha kipindupindu, na kinyume chake. Utumbo wa mtu mwenye afya aliyemeza tetrasaiklini ni uwanja mzuri sana wa biashara hiyo, kwa sababu dawa inawaondoa wasio na plasmidi na kuwaachia nafasi wenye nayo.

Maabara inajuaje kwamba ni njia hii, si nyingine? Jaribio lenyewe si gumu kulieleza. Chukua kimelea sugu kwa tetrasaiklini. Kichanganye na Escherichia coli anayeuawa na tetrasaiklini lakini anayevumilia dawa nyingine, tuseme rifampisini. Waache pamoja kwa saa kadhaa, kisha wamwage kwenye sahani yenye dawa zote mbili. Kimelea cha awali kitauawa na rifampisini, na Escherichia coli wa kawaida atauawa na tetrasaiklini. Kikiota chochote, ni Escherichia coli aliyepokea kitu.

Lakini amekipokea vipi? Hapo yanahitajika majaribio mawili zaidi. La kwanza ni kuongeza kwenye mchanganyiko kimeng'enya kinachosaga DNA iliyo uchi ndani ya maji. Uhamisho ukikoma, DNA ilikuwa inaelea wazi, na hiyo ni transfomesheni. La pili ni kuwatenga bakteria hao kwa chujio lenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji yanapita lakini mwili wa bakteria haupiti. Uhamisho ukikoma hapo, ilihitajika miili igusane, yaani konjugesheni. Ukiendelea licha ya chujio na licha ya kimeng'enya, basi DNA inasafiri ndani ya ganda dogo linalopita kwenye vitundu na kuilinda. Ganda hilo ni kirusi cha bakteria, faji, na njia hiyo ndiyo transdaksheni.

Chujio hilo lina historia yake. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha Marekani kwamba bakteria wawili wanaweza kuchanganya jeni zao. Mwaka 1950 Bernard Davis aliwatenga katika pande mbili za bomba lenye umbo la U, chujio likiwa katikati, na kuchanganyika kukakoma. Miaka miwili baadaye Lederberg na mwanafunzi wake Norton Zinder walitumia bomba la namna hiyo kwa Salmonella, wakitarajia kuona lile lile. Uhamisho ukaendelea. Ndivyo faji alivyogunduliwa kuwa mchukuzi wa jeni. Transfomesheni ilikuwa imetangulia zote: Frederick Griffith aliiona London mwaka 1928 kwa bakteria wa nimonia, na mwaka 1944 Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walithibitisha New York kwamba kitu kinachohama ni DNA.

Kwa kipindupindu, faji ndiye aliyeleta sumu. Matthew Waldor na John Mekalanos walichapisha mwaka 1996 kwamba jeni za sumu inayomkausha mgonjwa maji zimo ndani ya faji mwembamba kama uzi, mwenye herufi 7,000 hivi tu. Faji huyo huingia kwa kushika nyuzi ambazo kimelea huziotesha kinapokuwa utumboni, kisha hujipachika kwenye kromosomu na kutulia humo. Inafaa tuwe waangalifu hapa. Transdaksheni kamili ni pale faji anapofunga kwa bahati kipande cha DNA ya bakteria na kukipeleka kwa mwingine. Faji wa kipindupindu hafungi kwa bahati. Sumu ni sehemu ya mzigo wake mwenyewe kila anaposafiri. Ni jamaa wa karibu wa transdaksheni, na kipimo cha chujio na kimeng'enya kinamweka upande huo. Udogo wa mzigo nao una sababu: ganda la faji lina nafasi yenye kikomo, wakati plasmidi haina ganda la kuibana.

Transfomesheni ilichelewa kuonekana kwa kimelea hiki, kwa kuwa kwenye chupa za maabara hakifanyi hivyo. Mwaka 2005 kikundi cha Gary Schoolnik, pamoja na Melanie Blokesch, kilikiotesha juu ya kitini, kile kigamba kigumu cha kamba, kaa na wadudu wadogo wa majini. Hapo kikaanza kunyonya DNA kutoka majini. Ziwa Tanganyika limejaa viumbe wadogo wenye magamba ya namna hiyo. Mwaka 2007 Blokesch na Schoolnik walionyesha kwamba juu ya kitini kimelea cha aina ya O1 kinaweza kugeuka O139 kwa hatua moja, kwa kubadilisha fungu la jeni za vazi lake la nje. O139 ndiyo aina iliyozuka India mwaka 1992 na kuwapata hata watu wazima ambao miili yao ilikuwa imezoea O1.

Turudi kwenye dawa. Mwaka 1978 kipindupindu kilikuwa Kalemie, na tangu hapo eneo la maziwa makuu halijakaa muda mrefu bila ugonjwa huo. Julai 1994, kati ya wakimbizi wa Rwanda waliojazana Goma, watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara, na kimelea kilichopatikana kilikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini. Mwaka 2017 François-Xavier Weill na wenzake walisoma DNA ya vimelea zaidi ya 1,000 vilivyokusanywa katika miongo mitano, vingi vikiwa vya Afrika. Katika miongo ya mwanzo usugu ulikaa mara nyingi kwenye plasmidi za kundi C, zile zile za Tanzania. Tangu mwaka 2000 vimelea vya mlipuko barani vinabeba kitu kingine, SXT. Hiki nacho huhama kwa konjugesheni, lakini hakiishi kama duara. Hukaa ndani ya kromosomu, hujikata na kutoka kinapotaka kuhama, kisha hujipachika kwenye kromosomu ya jirani.

Kwa nini plasmidi ilishindwa na SXT? Mwaka 2022 kikundi cha Blokesch kilitoa sehemu kubwa ya jibu. Vimelea vya mlipuko wa saba wa dunia, ambao bado unaendelea, vina mifumo miwili ya ulinzi: mmoja huharibu plasmidi ndogo, mwingine huifanya plasmidi kubwa iwe mzigo unaomdhoofisha anayeibeba. Dawa ikiwepo, plasmidi inalipa gharama yake. Dawa ikiondoka, wanaoipoteza hukua haraka zaidi. SXT, ikiwa ndani ya kromosomu, hukwepa jambo hilo.

Hata hivyo kundi C halijaondoka. Mwaka 2018 na 2019 lilionekana Yemen ndani ya kimelea sugu kwa dawa nyingi, zikiwemo azithromaisini na siprofloksasini. Desemba 2024 watafiti wa Ufaransa na wenzao waliripoti kwamba kimelea hicho kilikuwa kimefika Kenya, Tanzania, Komoro na Mayotte. Kati ya dawa tatu zinazopendekezwa kwa kipindupindu kikali, doksisaiklini peke yake ndiyo iliyobaki inakiua, na doksisaiklini ni ndugu wa tetrasaiklini. Plasmidi za kundi hili zimewahi kubeba usugu dhidi yake, na kuubeba tena kunahitaji mgusano mmoja utumboni na bakteria mwenye jeni hiyo.

Mganga wa kituo cha Kindu hawezi kuyaona haya kwa macho. Kipimo cha haraka cha kinyesi humwambia kama ni kipindupindu, hakimwambii chochote kuhusu dawa. Kwa hilo lazima kinyesi kiwekwe kwenye kichukuzi cha Cary-Blair, kinachokitunza kimelea hai kwa siku kadhaa bila barafu, na kisafirishwe hadi maabara inayoweza kukiotesha, kama ile ya INRB Kinshasa. Wakati sampuli iko safarini, mgonjwa anaokolewa na maji ya chumvi na sukari, na dripu akiwa amekauka sana. Dozi moja ya doksisaiklini ya miligramu 300 kwa mtu mzima hufupisha siku za kuhara kwa mgonjwa mahututi. Kuigawa kwa jirani zake wote wasioumwa ndilo jambo lililojaribiwa Tanzania kwa kilo 1,788.