Tathmini ya Lishe katika Dayalisisi ya Tumbo

Upimaji wa chakula cha mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kupitia utando wa tumbo, ukihesabu pia sukari inayofyonzwa kutoka kwenye maji ya dawa na protini inayotoka nayo. Mgonjwa wa kilo 60 anayeingiza lita 8 kwa siku, zenye glukosi asilimia 1.36, hupokea gramu 109. Maji yaliyotolewa yakipimwa na kukutwa na gramu 44, mwili umechukua 65, takriban kilokalori 260. Akihitaji 1,800, chakula kilete 1,540.

Protini hupotea gramu 5 hadi 15 kwa siku, na zaidi utando ukipata maambukizi. Lengo la gramu 1.2 kwa kilo, yaani 72, tayari limefidia upotevu wa kawaida; kuuongeza tena ni kosa.